Jicho liko wapi? Pembe ya mwinuko, pembe ya mwinamo, na mchoro unaotokana na fumbo

Mtu amesimama kwenye ukingo wa paa la jengo, macho yake yakiwa mita 60 juu ya barabara. Chini anaona gari limeegeshwa, na pembe ya mwinamo wa gari hilo ni digrii 25. Gari liko umbali gani kutoka kitako cha jengo?

Swali hili, au ndugu zake, humkuta kila mwanafunzi wa sekondari anapofika kwenye trigonometria, na kila likitolewa huwagawa watu makundi mawili. Kundi moja hupata karibu mita 129. Jingine hupata mita 28. Wote wametumia tanjenti, wote wamebonyeza kikokotoo vizuri, na ukikagua hesabu zao mstari kwa mstari hukuti kosa. Ndiyo maana ubishi hauishi. Mwanafunzi aliyepata 28 huona ameonewa, na mzazi anayemsaidia nyumbani naye hukokotoa upya na kupata 28 ileile, kwa sababu amenakili mchoro uleule.

Jibu sahihi ni karibu mita 129. Waliopata 28 wamekosea kabla ya kugusa kikokotoo: wameiweka ile digrii 25 kwenye kona isiyo yake. Hesabu yenyewe ni ya mistari miwili tu, kwa hiyo makala hii itatumia muda mwingi kwenye mchoro, maana hapo ndipo alama zinapopotelea.

Mlalo, wima, na mstari wa kuona

Kwenye maswali haya kuna mistari ya aina tatu. Upo mstari wa mlalo, yaani ule unaokwenda sawasawa na usawa wa maji yaliyotulia. Upo mstari wima, kama ukuta, mlingoti au mnazi ulionyooka. Na upo mstari wa kuona, unaotoka kwenye jicho la mtazamaji hadi kwenye kitu anachokitazama.

Fundi mwashi ana vifaa viwili vinavyolingana na mistari ile miwili ya kwanza. Timazi, ule uzi wenye kizito, humwonyesha kama ukuta umesimama wima. Pima maji, ile yenye kiputo cha hewa ndani ya kichupa, humwonyesha kama tofali limelala sawa. Sasa shika jambo hili moja: pembe ya mwinuko na pembe ya mwinamo zote mbili hupimwa kuanzia kwenye mstari wa pima maji. Hakuna hata moja inayopimwa kuanzia kwenye timazi.

Ukiwa umetazama mbele sawasawa, kisha ukainua macho kukitazama kitu kilicho juu yako, ile pembe ambayo macho yako yamepanda kutoka kwenye mlalo ndiyo pembe ya mwinuko. Ukiwa umetazama mbele sawasawa, kisha ukateremsha macho kukitazama kitu kilicho chini yako, ile pembe ambayo macho yameshuka kutoka kwenye mlalo ndiyo pembe ya mwinamo. Zote mbili zina kona yake kwenye jicho. Tofauti yao ni upande tu: moja iko juu ya mlalo, nyingine iko chini yake.

Rudi sasa kwa yule mtu wa kwenye paa. Anayeweka digrii 25 kati ya ukuta na mstari wa kuona amepima kwa timazi. Na inaeleweka kwa nini: ukuta umeshachorwa, unaonekana, ndio mstari ulio karibu zaidi na jicho la mtazamaji kwenye karatasi. Mstari wa mlalo kutoka machoni haujachorwa na mtu yeyote. Haumo hata ndani ya ile pembetatu inayotafutwa. Unaelea hewani juu yake. Hiki ndicho kinachoifanya pembe ya mwinamo iwasumbue watu kuliko ya mwinuko. Kwenye mwinuko, mlalo huwa ni ardhi yenyewe, au mstari unaokwenda sambamba nayo, na umo ndani ya pembetatu. Kwenye mwinamo, usipouchora mwenyewe haupo.

Basi uchore. Kabla ya kuandika pembe yoyote, weka nukta ya jicho, kisha vuta mstari wa mlalo wa nukta nukta kutoka hapo, kuelekea upande ambako kitu kipo. Hivi:

```
J - - - - - - - - - - - - - - -
| \   25°
|    \
|       \
60         \
|             \
|                \
|             25°   \
K--------------------G
```

J ni jicho, K ni kitako cha jengo, G ni gari. Digrii 25 ya fumbo inakaa juu, kati ya mstari wa nukta nukta na mstari wa kuona. Lakini haimo ndani ya pembetatu JKG, na sisi tunahitaji pembe iliyo ndani yake. Hapa ndipo inapotokea ile digrii 25 ya pili, kule kwenye gari. Mlalo wa jichoni na barabara ni mistari sambamba, na mstari wa kuona unaikata yote miwili, ukitengeneza umbo la herufi Z. Pembe mbili zilizo ndani ya kona za Z huwa sawa. Kwa hiyo pembe ya mwinamo wa gari kutoka kwenye paa ni sawa na pembe ya mwinuko wa paa kutoka kwenye gari. Dereva akiinua macho na mtu wa juu akiteremsha yake, wanatazamana kwenye mstari mmoja.

Ukishaihamishia pembe kwenye gari, kazi iliyobaki ni fupi. Upande unaotazamana na pembe ni mita 60, upande uliopakana nayo ni umbali tunaoutafuta, tuuite d. Tanjenti ni upande unaotazamana gawanya kwa upande uliopakana:

```
tan 25° = 60 ÷ d
d = 60 ÷ tan 25° = 60 ÷ 0.4663 = 128.7
```

Ukipenda kubaki juu kwenye jicho, unaweza pia. Pembe ya ndani pale J, kati ya ukuta na mstari wa kuona, ni 90 toa 25, yaani digrii 65, na 60 mara tan 65° inaleta 128.7 ileile. Njia zote mbili ni halali. Kisicho halali ni kuchukua 25 yenyewe na kuiweka ukutani, maana hapo unapata 60 mara 0.4663, ambayo ni karibu 28.

Kuna namna ya kulitambua jibu baya bila hata kukokotoa. Digrii 45 ndipo kimo na umbali vinapolingana. Ikiwa pembe ya mwinamo ni ndogo kuliko 45, umbali lazima uwe mkubwa kuliko kimo. Ikiwa ni kubwa kuliko 45, umbali lazima uwe mdogo. Hapa pembe ni 25, basi umbali wowote ulio chini ya mita 60 ni wa kutiliwa shaka papo hapo. Na kama unataka kuhisi kwa nini, fikiria gari likisogea. Likiwa limebanana na ukuta, mtu wa juu anatazama karibu moja kwa moja miguuni pake: amekwisha inamisha macho karibu digrii 90. Likienda mbali hadi mwisho wa barabara, macho yanapanda na kukaribia mlalo: mwinamo unakaribia sifuri. Kitu kikiwa mbali, mwinamo ni mdogo. Anayepima kutoka ukutani anapata kinyume chake, na hapo ndipo mchoro wake unapojifichua.

Kuipima kwa mkono

Kifaa kimoja cha darasani huionyesha tofauti ya pima maji na timazi vizuri kuliko ubao. Chukua kipimapembe cha nusu duara. Bandika mrija wa soda kwenye ukingo wake ulionyooka, kisha funga uzi kwenye ule utundu wa katikati na uning'inize nati mwishoni. Kigeuze ili upinde uwe chini na mrija uwe juu. Ukitazama kupitia mrija kuelekea kitu kilicho sawa na macho yako, uzi unaangukia kwenye 90. Inua mrija utazame kilele cha mnazi, na uzi utahama, uangukie tuseme kwenye 40. Vipimapembe vingi vina safu mbili za namba, kwa hiyo mstari huohuo unaweza kusomeka 40 au 140. Chukua ile iliyo chini ya 90.

Sasa, pembe ya mwinuko ni ngapi? Si 40. Uzi ule ni timazi. Unachokisoma ni pembe kati ya mstari wa kuona na wima. Mwinuko ni umbali ambao uzi umehama kutoka 90, yaani 90 toa 40, digrii 50.

Tuseme umesimama mita 12 kutoka kwenye shina, na macho yako yako mita 1.5 kutoka ardhini. Mlalo wa jichoni unalikata shina la mnazi mita 1.5 juu ya ardhi, na pembetatu yetu inaanzia hapo, haianzii chini kwenye mizizi. Sehemu ya mnazi iliyo juu ya mlalo ni 12 mara tan 50°, yaani 12 mara 1.1918, karibu mita 14.3. Ongeza ile 1.5 ya jicho: mnazi una karibu mita 15.8. Aliyetumia 40 moja kwa moja atapata mita 11.6, na mnazi umepungua zaidi ya mita nne bila kukatwa.

Hapa pia pana jibu la swali linaloulizwa sana: je, kimo cha mtazamaji kihesabiwe au kipuuzwe? Kama fumbo limetaja kimo cha macho, kihesabu, hakikuwekwa kwa mapambo. Kama limesema pembe imepimwa kutoka ardhini, au limetaja nukta tu ya ardhini, jicho liko chini kwenye nukta hiyo na hakuna cha kuongeza. Kinachotuongoza ni pale jicho lilipo.

Kulisoma fumbo

Mafumbo ya aina hii huwa na maneno mengi, na mwanafunzi wa sekondari Tanzania au Kenya hukutana nayo kwa Kiingereza, hivyo macho yake hukimbilia namba. Namba zisubiri. Usomaji wa kwanza utafute mambo matatu tu: nani anatazama, jicho lake liko wapi, na anatazama nini.

Mara nyingi sentensi yenyewe inakwambia. Ikisema "pembe ya mwinuko wa kilele cha mnara kutoka nukta A", kinachotajwa baada ya "kutoka" ndipo jicho lilipo, na ndipo kona ya pembe inapokaa. Kinachotajwa kabla yake, kilele cha mnara, ndicho kinachotazamwa. Ila angalia: fumbo hilohilo linaweza kusema "nukta A iko mita 80 kutoka kitako cha mnara". Hiyo "kutoka" ni ya umbali, haina jicho. Itafute ile iliyofuatana na pembe.

Wako wanaoamini kwamba mwinuko ni wa vitu virefu na mwinamo ni wa vitu vifupi, kwa hiyo wakiona mnara kwenye swali huchora mwinuko. Imani hiyo iachwe. Pembe haiko kwenye kitu, iko kwenye uhusiano wa jicho na kitu. Mnara uleule wa simu una mwinuko kwa mtu aliye bondeni, na kilele chake kinaweza kuwa na mwinamo kwa mtu aliye juu ya mlima ulio jirani.

Tulichukue fumbo moja tulichambue lote.

"Mlinzi amesimama kwenye baraza ya mnara wa taa. Sakafu ya baraza iko mita 28.4 juu ya usawa wa bahari, na macho ya mlinzi yako mita 1.6 juu ya sakafu. Anaona mashua mbili zikiwa upande mmoja wa mnara, kwenye mstari mmoja na kitako chake. Pembe ya mwinamo wa mashua ya kwanza ni digrii 35 na ya mashua ya pili ni digrii 20. Tafuta umbali kati ya mashua hizo."

Nani anatazama? Mlinzi. Jicho liko wapi? Si kwenye sakafu, bali juu yake. Kwa hiyo kimo cha jicho kutoka usawa wa bahari ni 28.4 ongeza 1.6, yaani mita 30 kamili. Anatazama nini? Mashua mbili, na zote ziko chini ya jicho, kwenye usawa wa maji.

Chukua penseli. Vuta mstari wa chini mrefu: huo ni usawa wa bahari. Mwisho wake wa kushoto simamisha mstari wima, uandike 30, na juu yake weka nukta J. Kutoka J vuta mlalo wa nukta nukta kwenda kulia, urefu wake ukaribiane na ule wa bahari. Mpaka hapa bado hujagusa pembe yoyote, na ni vizuri hivyo.

Sasa mashua. Ipi iko karibu? Fumbo halikusema, ila tunajua tayari: mwinamo mkubwa ni wa kitu kilicho karibu. Mashua ya digrii 35 iko karibu, ya digrii 20 iko mbali. Weka A kwa ile ya karibu na B kwa ile ya mbali, zote kulia kwa mnara, kwa sababu fumbo limesema upande mmoja. Lingesema pande mbili, moja ingekwenda kushoto na mwishoni tungejumlisha badala ya kutoa. Maneno haya mawili, "upande mmoja", hayana namba ndani yake, na kwa sababu hiyo watu huyaruka, ilhali ndiyo yanayoamua jibu zima.

Vuta mistari miwili ya kuona, kutoka J hadi A na kutoka J hadi B. Andika 35 kati ya mlalo wa nukta nukta na mstari wa JA. Andika 20 kati ya mlalo huohuo na mstari wa JB. Zote mbili zinaanzia kwenye mlalo. Ile 35 imeifunika ile 20 ndani yake. Kuna wanaochora 20 kati ya mlalo na JB, kisha 35 kati ya JB na JA, kana kwamba ni vipande viwili vya keki vilivyopangwa. Mchoro huo unasema mwinamo wa mashua ya karibu ni digrii 55, jambo ambalo fumbo halikulisema.

Kwa kanuni ya herufi Z, 35 inahamia A na 20 inahamia B. Tuna pembetatu mbili zenye pembemraba moja, pale kwenye kitako cha mnara, na upande mmoja wa pamoja, ile 30. Usijaribu kushughulika na pembetatu nyembamba ya JAB. Haina pembemraba, na tanjenti haiwezi kutumika humo moja kwa moja. Fanya zile mbili kubwa, moja moja:

```
umbali wa A = 30 ÷ tan 35° = 30 ÷ 0.7002 = 42.8
umbali wa B = 30 ÷ tan 20° = 30 ÷ 0.3640 = 82.4
AB = 82.4 − 42.8 = 39.6
```

Mashua zimeachana kwa karibu mita 39.6.

Tazama sasa ambavyo mchoro mbaya ungejisaliti. Aliyepima kutoka ukutani angepata umbali wa A kuwa 30 mara 0.7002, yaani mita 21, na umbali wa B mita 10.9. Tofauti yake ni karibu mita 10, na jibu hilo linaonekana la kawaida kabisa. Lakini mpangilio wa mashua umegeuka: ile ambayo mlinzi anainamisha macho zaidi kuitazama, ndiyo imekuwa mbali. Anayeangalia jibu la mwisho tu hatagundua. Anayerudi kwenye mchoro na kuuliza ipi iko karibu, atagundua mara moja.

Dirisha linalotazama juu na chini

Fumbo jingine linalowaangusha watu ni lile lenye pembe zote mbili kwa jicho moja. Mtu yuko dirishani, ghorofa ya kati. Ng'ambo ya barabara, mita 20 kutoka kwake kwa mlalo, kuna jengo jingine. Pembe ya mwinuko wa kilele cha jengo hilo ni digrii 40, na pembe ya mwinamo wa kitako chake ni digrii 28. Jengo lina urefu gani?

Jicho ni moja, kwa hiyo mlalo ni mmoja. Unatoka dirishani, unavuka barabara hewani, na unalikata lile jengo la pili vipande viwili. Kipande cha juu ni cha mwinuko: 20 mara tan 40°, ambayo ni mita 16.8. Kipande cha chini ni cha mwinamo: 20 mara tan 28°, mita 10.6. Jumla ni mita 27.4.

Njia ya mkato inayowavutia wengi ni kujumlisha pembe kwanza: 40 na 28 ni 68, kisha 20 mara tan 68°. Inaleta mita 49.5, karibu mara mbili ya ukweli. Digrii 68 ni pembe halisi, ipo pale machoni, lakini pembetatu yake haina pembemraba, na tanjenti ya jumla si jumla ya tanjenti. Mlalo ndio unaotengeneza pembemraba. Ukiufuta, umezifuta pembetatu zako zote mbili.

Hapa pia kipande cha chini kinakupa zawadi ambayo fumbo halikuiomba: ile mita 10.6 ndiyo kimo cha jicho la mtu wa dirishani kutoka barabarani, kama barabara haina mwinuko. Wakati mwingine swali linalofuata ni hilo hilo, na wanafunzi huanza mchoro mpya wakati jibu limeshalala mbele yao.

Jambo moja zaidi kuhusu umbali. Kwenye fumbo hili nimesema mita 20 kwa mlalo. Mafumbo mengine hutoa urefu wa mstari wa kuona wenyewe: uzi wa tiara uliovutwa ukanyooka, waya unaoshikilia mlingoti, ngazi iliyoegemezwa ukutani. Huo ni upande mrefu wa pembetatu, unaotazamana na pembemraba, na hapo tanjenti haifai. Kimo cha tiara yenye uzi wa mita 50 kwa mwinuko wa digrii 40, ukiwa umeshikwa usawa wa ardhi, ni 50 mara sin 40°, karibu mita 32.1. Andika kila urefu juu ya mstari wake kwenye mchoro, na utaona mwenyewe kama ni upande wa chini au ule wa mshazari.

Pale Z inapoanza kupinda

Pembe hizi si za karatasi ya mtihani tu. Ndege ya abiria inapotua, njia ya kawaida ya kushuka ni digrii 3 kutoka kwenye mlalo. Rubani akiwa mita 300 juu ya usawa wa uwanja, mwinamo wa mahali atakapogusa ardhi ni digrii 3, na umbali wa kufika hapo ni 300 gawanya kwa tan 3°, karibu kilomita 5.7. Mtu asiyezoea husikia "digrii 3" na kudhani ndege inatua karibu palepale. Kumbe pembe ndogo ndiyo yenye safari ndefu, na ndiyo sababu ndege hupita chini juu ya mapaa ya mitaa iliyo mbali na uwanja.

Kanuni ya Z ilisimama juu ya jambo moja: kwamba mlalo wa juu na mlalo wa chini ni sambamba. Dunia ni duara, kwa hiyo kwa umbali mkubwa hiyo si kweli kabisa. Mlalo wa mtu wa juu ya mlima na mlalo wa mtu aliye mbali baharini umeinamiana kidogo. Mwanazuoni Al-Biruni, mwanzoni mwa karne ya 11, aliutumia mwinamo huo mdogo kwa manufaa. Akiwa juu ya mlima karibu na ngome ya Nandana, katika nchi ambayo leo ni Pakistani, alipima pembe ya mwinamo wa upeo wa macho, pale mbingu na ardhi zinapokutana. Dunia ingekuwa bapa isiyo na mwisho, upeo ungekaribia mlalo na mwinamo ungekuwa karibu sifuri. Yeye alipata dakika 34, yaani zaidi kidogo ya nusu digrii, na kwa pembe hiyo pamoja na kimo cha mlima alikokotoa nusu kipenyo cha Dunia. Alichora kama sisi: jicho juu, mlalo kutoka kwenye jicho, mstari wa kuona ukishuka chini yake.

Kwa mashua yetu iliyo mita 82 kutoka mnarani, tofauti inayoletwa na mviringo wa Dunia haifiki sehemu moja ya elfu ya digrii. Kwa ndege iliyo kilomita 5.7 ni kama sehemu 5 za mia za digrii. Kwenye karatasi ya mtihani, basi, chora milalo yako miwili sambamba na uihamishe pembe bila wasiwasi.